Bei ya Nywele za Biuma

Jamani, kusuka kwa nyuzi ni kazi, si mchezo wa watoto. Unashika fungu la nywele, unalizungushia uzi mweusi kuanzia shinani hadi nchani, unakaza bila kumuumiza mtu, halafu unashika jingine. Kichwa chenye nywele fupi unakimaliza kabla jua halijapanda. Kichwa chenye nywele nyingi kinakula siku nzima na uzi mara mbili, na jioni vidole havikunjiki hata kushika kijiko. Mama Zaituni wa sité, mtaa wa Waafrika pale Kamina, alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana kwa miaka yote alitoza bei moja kwa kila kichwa, akishindwa na aibu.

Mwaka ule ilibidi aibu aiweke kando. Mumewe, aliyekuwa mfanyabiashara wa chumvi, alikuwa amekufa, na mwanamke asiye na mume hakai sité bila kuilipa serikali kodi yake. Asipolipa mwisho wa mwezi, kibali cha kukaa kinachukuliwa. Na kibali kikichukuliwa, alikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda: Kabongo, kwa shemeji yake Sefu, ambaye tangu matanga alikuwa akituma salamu kwamba nyumba iko na nafasi ya mke wa tatu ni yake. Zaituni hakumtaka Sefu. Hakumtaka kabisa, hata kidogo, na alisema hivyo kwa sauti akiwa peke yake anachambua mchele.

Basi akapanga bei upya. Nywele zinazoishia masikioni, faranga nane, pungufu ya ile kumi ya zamani. Zikifika mabegani, kumi na mbili. Zikipita mabega, kumi na sita. Na fungu la nywele zote likishikwa nyuma ya kichwa, kidole gumba na cha shahada visipokutana, basi ni nzito, ongeza tatu, kwa sababu ya uzi. Na nywele zipimwe zikiwa zimechanwa na kunyooshwa, maana zikijikunja zinadanganya. Bei inasemwa kabla ya kupanga siku, na ikishasemwa haibadiliki. Mtu akiona ni ghali, anakwenda zake salama, hakuna kelele.

Mwanzoni alipima kwa kamba yenye mafundo. Lahaula! Mwanamke wa kwanza aliyeona kamba ikishuka mgongoni mwake aliruka kama ameguswa na siafu.

"Weye! Unanipima kamba minyi mwenye kuwa mzima?"

Kweli, nani hakujua kwamba kamba ni ya seremala anayepima maiti? Zaituni aliitupa kamba jikoni siku hiyohiyo, na tangu hapo alipima kwa macho na mkono wake, mwenye kichwa akiwa amekaa mbele yake. Wanawake wakakubali. Mama Kapenda, jirani mwenye nywele fupi kama za mtoto, alifurahi kuliko wote. "Mwaka yote nilikuwa nalipia uzi ya bantu bengine," alisema akicheka.

Kisha akaja Mama Bitota.

Huyu alikuwa mke wa karani wa reli, mtu wa Kasai, mwanamke mkubwa ambaye wenzake walimwangalia kabla ya kununua hata kitambaa. Binti yake Biuma alikuwa anaolewa. Alitaka bibi arusi asukwe, na wasimamizi wake sita, wote uani kwa Zaituni. Zaituni alipiga hesabu moyoni haraka: kodi ilikuwa humo, nzima, na kilichobaki ni cha kula.

"Wasimamizi nimeona nywele zao," alisema. "Bibi arusi je? Aje nimuone."

"Biuma iko Luputa kwa nkambo wake. Atashuka na treni siku mbili mbele ya arusi."

"Nywele zinafika wapi?"

"Mabegani. Nilimuona mwaka iliyopita."

Hapo ndipo palipotaka maneno. Kwa kichwa kilicho mbali, kipimo ni kamba tu. Lakini nani atamtumia kamba bibi arusi? Hata kuitaja ni mkosi. Lilikuwa limebaki jambo moja, kusema wazi: hii ni bei ya mabega, nikimuona na zikizidi, itaongezeka, tukubaliane sasa. Maneno mepesi. Yalifika mpaka mdomoni. Lakini alimwona Bitota ameshika mkoba wake tayari, akaogopa kazi isimponyoke, akayameza.

"Kumi na mbili," alisema. "Nimesema, haibadiliki."

Biuma aliposhuka kwenye treni kutoka kwa bibi yake alikuwa na kitambaa kichwani. Akakaa uani, akakifungua, Zaituni akaanza kuchana na kunyoosha. Nywele zikashuka mabegani, zikapita, zikaendelea hadi katikati ya mgongo. Akazikusanya nyuma. Gumba na shahada havikuonana hata kwa mbali. Mtoto wa watu alikuwa mzuri, na Zaituni alitaka kulia.

Aliweka kitana chini kabla hajagusa uzi. Hilo alilifanya sawasawa.

"Mama Bitota, hizi si za mabega. Hizi ni kumi na tisa. Bado sijaanza, ndiyo maana nasema sasa."

Bitota hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Weye njo ulituambia bei haibadilike. Ni weye, haiko minyi. Nilipenda hiyo sheria yako, Mama Zaituni. Niliisifu kwa bamama bote. Sasa inabadilika juu ya mutoto wangu?"

Zaituni alikuwa na haki ya kazi, na mwenzake alikuwa na haki ya neno. Akaokota kitana.

Alisuka siku nzima na kesho yake asubuhi. Uzi uliisha katikati ya kichwa, akakimbia dukani kwa Bilali kununua mwingine kwa pesa zilizokuwa za kodi. Wasimamizi wawili, walipoona wamekawishwa, walikwenda kusukwa kwingine. Biuma alitoka uani kichwa chake kimekaa kama taji, na watu walisimama barabarani kumwangalia.

Arusi ilipopita, ua wa Zaituni ulijaa kuliko siku yoyote. Wanawake wenye nywele ndefu tupu, wenye nywele nzito, wanacheka, wanasukumana. Kila mmoja alisema lilelile: Biuma na mgongo wake wote alilipa kumi na mbili, minyi nizidishe juu ya nini? Zaituni alieleza. Alieleza habari ya uzi, habari ya siku nzima, alieleza kwamba alikosea. Walimsikiliza vizuri. Kisha wakasimama mmojammoja, wakafunga vitambaa vyao, wakaenda.

Alibaki Mama Kapenda. Zaituni akamsuka zile nywele zake fupi, akachukua faranga nane, na mwezi ukaisha kodi haijatimia.

Sefu alikuja mwenyewe na lori, akapakia sanduku na mikeka, amefurahi, anaongea njia nzima. Wake zake wawili walimpokea Zaituni mlangoni kwa vigelegele, na binti zao nyuma yao. Kabla hajapewa maji, mke mkubwa alivua kilemba, akamwaga nywele zake hadi kiunoni, akakaa chini mbele ya magoti ya Zaituni. Wengine wakajipanga nyuma yake. Hakuna aliyeuliza bei.