Saa ya Dubai

Kwa miaka miwili Jesca Mkude alikuwa akimsalimia Luqmani kila walipokutana, na kila mara mkono wake ulibaki na kitu kama uchafu usiotoka kwa sabuni. Luqmani alidhani yamekwisha. Hakujua kwamba Jesca hakuwa amesamehe hata punje.

Kisa kilikuwa mdogo wake Jesca, Simon. Simon alikuwa mkimbiaji mzuri kuliko wote Morogoro, na alikuwa ameitwa kwenye majaribio ya timu ya mkoa. Juma lile la majaribio Luqmani aliwaendea viongozi akawaambia kwamba Simon anameza vidonge vya kuongeza nguvu, na kwamba amemwona kwa macho yake. Hakukuwa na vidonge. Lakini maneno yalitosha. Simon aliachwa, nafasi akachukua Luqmani, na kijana akaondoka mjini kwa aibu. Sasa alikuwa anakata miwa Turiani. Kila Jesca alipompigia kumuuliza kama anafanya mazoezi, alijibu, "Mazoezi ya nini, dada?"

Ndiyo maana Jesca alipoajiriwa kupiga picha kwenye mbio za mlimani za mwaka huu, hakumtakia Luqmani mema. Mshindi angepelekwa kambini Arusha. Asubuhi ile, kabla ya kutoka studio yake ya Mafiga, aliweka saa ya kamera yake sawa na ya simu, kama afanyavyo kila siku ya kazi, akapanda kwenda Bigwa, kwenye uwanja ambako mbio zilianzia na kuishia. Yeye alikaa kwenye utepe wa kumalizia. Msaidizi wake, Rizwan, kijana wa duka la vitambaa la mjini anayependa kupiga picha kuliko kupima mita, alikaa juu mlimani, mahali ambapo hata mwenye mbio hufika baada ya zaidi ya saa moja, pale njia ya wapanda mlima inapokata barabara, penye meza ya maji. Wakimbiaji wangepita hapo mara moja tu, wakiwa wanapanda. Kushuka walishukia upande wa pili wa mlima.

Walianza saa moja kamili. Abuu, kijana mpole wa Bigwa, ndiye aliyeongoza mpaka kileleni. Hilo wasimamizi wa juu waliliarifu kwa simu. Lakini wa kwanza kukata utepe alikuwa Luqmani. Abuu alifika nyuma yake akihema, akaangalia huku na huku kama mtu aliyeibiwa na hajui amepoteza nini. Jesca alibonyeza kamera akiwa ameuma meno.

Mgeni rasmi alichelewa. Watu wakakaa kwenye kivuli cha turubai wakila mihogo ya kukaanga, na Jesca akafungua laptopu yake. Alichomeka kadi yake, kisha kadi ya Rizwan, akaamuru picha zote zijipange kwa saa zilizopigwa, ili aone siku nzima kama ilivyokwenda.

Haikwenda vizuri. Abuu alivuka mstari wa mwisho, alikumbatiwa na mama yake, alilala kwenye nyasi; halafu, baada ya hayo yote, akatokea anapanda mlima akinywa maji kwenye meza ya Rizwan. Wakimbiaji wengine vivyo hivyo. Walimaliza kwanza, ndipo wakapanda.

"Saa ya Rizwan iko mbele," Jesca alijisemea, na akaanza kuzivuta picha zile kuzirudisha nyuma. Ndipo akaiona moja.

Rizwan alikuwa amempiga picha mama mmoja aliyeuza ndizi kando ya barabara. Nyuma ya mama yule bodaboda ilikuwa inateremka. Abiria alikuwa amevaa koti, lakini koti lilikuwa wazi, na namba ishirini na saba ilionekana kifuani. Jesca alikuza picha. Uso ulikuwa wa Luqmani.

Alitazama saa ya picha: saa tatu na dakika arobaini na sita. Kisha akatazama picha aliyompiga mwenyewe akikata utepe: saa tatu kasoro dakika tatu. Mtu yeyote angesema Luqmani alipanda pikipiki baada ya kushinda. Lakini kama saa ya Rizwan ilikuwa mbele, na ilikuwa mbele, basi alipanda pikipiki akiwa bado mashindanoni.

Angeweza kwenda moja kwa moja kwa waamuzi. Hakwenda. Alimtafuta Luqmani, akamwita nyuma ya turubai, akamgeuzia laptopu.

"Huyu nani?"

Luqmani alitazama. Rangi ilimtoka polepole, kuanzia midomoni.

"Dada Jesca, nani mwingine ameiona?"

"Bado ni mimi na wewe."

"Ifute. Nakuomba kwa jina la Mungu. Unajua nimehangaika kiasi gani?"

"Simon hakuhangaika?"

Jesca alitoa simu, akabonyeza kitufe cha kurekodi ujumbe wa sauti kwa Simon, akaishika katikati yao.

"Mwambie. Mwambie ulichowaambia viongozi, na kama kilikuwa kweli."

Luqmani aliangalia kushoto, akaangalia kulia. Kisha akainama kwenye simu kama anainong'oneza. "Simon, ni mimi Luqmani. Vile vidonge... sikuona vidonge. Nilisema tu. Niliona utanipita. Nisamehe, kaka."

Jesca aliachia kidole. Ujumbe ukaenda Turiani.

"Asante dada," Luqmani alisema, akishusha pumzi. "Sasa hiyo picha..."

"Twende kwa Mwalimu Grace."

"Lakini nimeshasema!"

"Umesema uliyokuwa unadaiwa na Simon. Mimi sikukuahidi kitu."

Mwalimu Grace, mwenyekiti wa waamuzi, alikuwa mstaafu aliyefundisha michezo nusu ya watu waliokuwa uwanjani. Jesca alimpa shikamoo, akaweka laptopu mezani kwake na kumweleza. Abuu aliitwa, Rizwan akaitwa, watu wakasogea. Kufikia hapo Luqmani alikuwa amejikusanya. Hasira ilikuwa imempa nguvu.

"Ndiyo, ni mimi," alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Nilipomaliza, rafiki yangu alinipeleka juu kuchukua begi langu, tukarudi. Kuna kosa gani? Soma saa ya picha, Mwalimu. Saa tatu na arobaini na sita. Nilikuwa nimeshamaliza zamani. Huyu dada ana chuki na mimi kwa sababu ya mdogo wake, wote mnajua."

Minong'ono ikapita. Wengi walijua kweli.

"Saa ya kamera hiyo iko mbele," Jesca alisema. "Tazama, Abuu anakunywa maji njiani baada ya kumaliza."

"Iko mbele kiasi gani?" Luqmani alimdaka. "Nusu saa? Dakika arobaini? Ukitoa dakika arobaini, bado nilikuwa nimemaliza. Utabuni namba inayokupendeza?"

Hilo lilikuwa swali la maana, na Jesca alilijua. Mwalimu Grace alimgeukia Rizwan.

"Wewe, saa yako ina nini?"

Rizwan alikuwa ametahayari. Alifungua mipangilio ya kamera, akaangalia, akajipiga kwenye paji la uso. "Dubai! Juma lililopita nilikuwa harusi ya binamu yangu. Nilibadilisha ukanda wa saa kule, nikasahau kurudisha. Samahani sana, Mwalimu. Narekebisha sasa hivi." Na kidole chake kikaenda kwenye kitufe.

"Usiguse!"

Jesca alipiga kelele mpaka mama wa mihogo akaacha sufuria. Alimshika Rizwan mkono.

"Ukiigusa unatupotezea kipimo. Dubai iko mbele yetu kwa saa moja, sawa. Lakini dakika je? Saa ya kamera hupotea kidogo kidogo ikikaa muda bila kusawazishwa. Iache ilivyokuwa asubuhi, tuipime kama ilivyo."

Akamwomba Mwalimu Grace simu yake, kwa sababu hakutaka mtu aseme yake imechezewa. Ilikuwa inajiweka saa kutoka kwenye mtandao. Jesca aliiegemeza kwenye chupa ya maji, saa ikionekana kubwa pamoja na sekunde zake.

"Rizwan, piga picha simu hii. Mimi napiga pamoja nawe. Moja, mbili, haya."

Vitufe viwili vililia pamoja. Kadi zikarudi kwenye laptopu. Mwalimu Grace alivaa miwani, akasoma mwenyewe, picha kwa picha: saa iliyoonekana kwenye kioo cha simu, na saa ambayo kamera iliiandika kwenye picha ileile. Kamera ya Jesca ilipishana na simu kwa sekunde mbili. Ya Rizwan ilikuwa mbele kwa saa nzima na dakika tatu.

"Toa saa moja na dakika tatu kwenye picha zote za Rizwan," Mwalimu Grace aliamuru. "Zote. Si hiyo moja."

Jesca alizichagua zote, akaziondolea muda huo kwa pamoja, akaamuru zijipange upya. Siku ikanyooka mbele ya macho yao. Abuu alianza, alikunywa maji akipanda, alivuka mstari wa mwisho, alikumbatiwa na mama yake. Kila mtu alikuwa mahali pake. Na mama wa ndizi alikuwa pale pale, na pikipiki nyuma yake, saa mbili na dakika arobaini na tatu, wakati hakuna hata mkimbiaji mmoja aliyekuwa ameuona uwanja.

Abuu aliitazama ile namba ishirini na saba, kisha akamtazama Luqmani, na machozi yakamjaa bila kudondoka.

"Vua namba," Mwalimu Grace alisema.

Luqmani alihangaika na pini. Moja ilichana fulana. Jesca alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake na angeweza kumsaidia. Alisimama akaangalia mpaka mwisho. Alikuwa ameiwaza siku hii mara nyingi akidhani atapiga kelele, au atatukana. Badala yake aliinua kamera, akampiga picha akiwa na ile karatasi iliyokunjamana mkononi.

"Hiyo ya nini?" Rizwan alimuuliza kwa sauti ya chini. "Imetosha, dada."

"Haijatosha," alisema.

Walimpa Abuu ushindi mgeni rasmi alipofika. Jesca alimpiga picha nzuri, akiwa amebebwa juu juu na vijana wa mtaani kwake. Luqmani alikuwa ameshaondoka kwa miguu kuelekea mjini, na hakuna aliyempa lifti.

Simon alipiga simu jioni, Jesca akiwa anafunga studio. Kwa nyuma zilisikika trekta za miwa.

"Nimeusikiliza," alisema. "Amesema mwenyewe, bila kupigwa?"

"Bila kupigwa."

"Niliwasikilizisha na wenzangu hapa. Wote." "Na ushindi amebaki nao?"

"Amenyang'anywa mbele ya uwanja mzima. Nina picha yake akivua namba. Unaitaka?"

Jesca alikuwa tayari kusikia kwamba yamekwisha, kwamba amwache yule mtu na aibu yake.

"Nitumie," Simon alisema.

Akamtumia, akafunga mlango wa studio, akaenda nyumbani akiwa na njaa ambayo hakuwa ameisikia kwa muda mrefu.