Alama Mia, Dakika Mia na Hamsini

Mutinta Hamoonga alimzika mumewe mwezi wa tano, na mwezi wa sita akarudi kufundisha hesabu darasa la kumi na mbili. Walimu wenzake wa shule yao ya mji wa Choma, kusini mwa Zambia, walimpa pole, yeye akaitikia. Hakulia. Alikuwa kama mkono uliolaliwa: unauona ni wako, lakini ukiufinya hausemi kitu.

Kazi iliyomsubiri ilikuwa kutunga mtihani wa majaribio wa kuwaandaa kwa karatasi ya pili ya mtihani wa taifa. Kila mwaka walimu walikuwa wakiokota maswali huku na kule, wakayabandika pamoja, basi. Mwaka huu Mutinta alichukua karatasi za kweli za taifa za miaka minane iliyopita, akazitandaza juu ya meza ya kulia chakula, akapiga mistari kwenye daftari kubwa: mada upande huu, miaka upande ule, na katika kila kijumba idadi ya alama. Aliifanya kazi hiyo wiki mbili nzima, kwa sababu alama zilikuwa zinajumlishika.

Sehemu A maswali sita, yote ya lazima, alama hamsini na mbili. Sehemu B maswali sita mengine, kila moja alama kumi na mbili, mtahiniwa achague manne: arobaini na nane. Jumla mia, kwa saa mbili na nusu. Maana yake kila alama ina dakika moja na nusu, na kila swali la sehemu B lina dakika kumi na nane, hakuna zaidi.

Alipomaliza kutunga aliifanya karatasi mwenyewe, saa ikiwa mbele yake. Ilimchukua dakika themanini na mbili. Akajua imeharibika, kwani karatasi inayomla mwalimu zaidi ya nusu ya muda, saa moja na robo, itammaliza mwanafunzi. Alirudi nyuma swali kwa swali mpaka akamkamata mwizi: kipengele kimoja cha latitudo na longitudo, chenye alama mbili tu, kilikuwa kinataka hatua tano. Akakifuta, akaweka kingine cha hatua mbili. Akakaa tena kesho yake. Dakika sabini na moja.

Ba Hachilala, kama walivyomwita kwa heshima mwalimu mkuu msaidizi, aliitazama karatasi akaguna.

"Saa mbili na nusu, mama? Ratiba yangu ina vipindi viwili tu. Saa moja na dakika ishirini. Wape nusu ya maswali."

"Ukiwapa nusu, unapima kitu kingine."

"Kitu gani?"

"Sijui. Ila si mtihani huu."

"Wewe mama, siku hizi huna hata utani!" Ba Hachilala alicheka peke yake, kisha akaacha. Akampa Jumamosi asubuhi.

Matokeo yalikuwa mabaya. Katika wanafunzi arobaini na mmoja, waliofikisha nusu walikuwa saba. Luyando Moonga, msichana aliyejua hesabu kuliko wengi, alipata thelathini na nane. Mutinta alipofungua kijitabu chake cha majibu aliona sababu: kwenye sehemu B alikuwa ameanza maswali matano na hakumaliza hata moja.

"Ulikuwa unakimbilia wapi?" alimuuliza.

"Nikikwama, Madam, naruka la pili. Halafu naona hilo nalo baya."

"Swali, hata likiwa baya, lina dakika zake kumi na nane: zitumie zote ndipo uhame. Soma yote sita kwanza, chagua manne, ufunge macho kwa yaliyobaki."

Akawaambia wote waandike alama zao juu kabisa ya karatasi ya maswali, chini ya jina la shule na maneno *mtihani wa majaribio*, kisha wairudie nyumbani kwa saa mpaka iishe ndani ya muda. Wakairudia. Mwezi wa nane, mwezi wa tisa. Mutinta alisahihisha, akala nshima, ugali wa kwao, kwenye sahani moja, akalala upande wake wa kitanda.

Mwezi wa kumi, siku tano kabla ya karatasi ya pili ya taifa, afisa wa mitihani wa wilaya alifika shuleni na askari mmoja. Wakaketi ofisini kwa Ba Hachilala, joto likiwaka hata kwenye viti. Afisa alisogeza simu mbele ya Mutinta. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya ukurasa wa kwanza: maelekezo, muda, sehemu A, sehemu B, alama kwenye mabano pembeni. Kichwa cha ukurasa hakikuonekana.

"Hii inazunguka kwenye simu tangu Lusaka mpaka Livingstone," alisema afisa. "Wanasema ndiyo karatasi yenyewe, imevuja. Tumeambiwa imetoka kwako."

"Ni yangu. Nimeitunga."

"Umeitunga? Mama, kila kitu ni sawasawa na karatasi za taifa za miaka iliyopita. Hata mpangilio wa mabano! Nani amekuonyesha ya mwaka huu?"

"Hakuna. Nilihesabu."

Alikwenda darasani akalileta lile daftari. Afisa aligeuza kurasa taratibu, kidole kikishuka kwenye vijumba. Alipofika mwisho, sauti yake ilikuwa imepungua.

"Mimi nakuamini nusu," alisema. "Lakini bahasha ya kweli imefungwa, na mimi mwenyewe siruhusiwi kuifungua kabla ya siku. Siwezi kulinganisha. Mpaka watoto wafanye, wewe usikanyage shuleni."

"Sawa," alisema Mutinta.

Ba Hachilala akaruka. "Sawa? Ba Hamoonga, jitetee basi! Wanakufukuza kama mwizi wa kuku!"

Mutinta alichukua mkoba wake. Alijua angepaswa kukasirika. Alitafuta hasira ndani yake kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, akakosa.

Siku ya mtihani alikaa nyumbani akipepeta mahindi. Jioni Luyando alikuja na sare yake, akapiga magoti mlangoni, asiinuke.

"Ni mimi, Madam. Ile picha. Nilimtumia binamu yangu wa Kalomo, shule yao hawana mwalimu wa hesabu. Nilikunja juu, asione thelathini na nane yangu. Na jina la shule likakunjika humo humo. Yeye akawatumia wenzake. Sikujua watasema imevuja."

Mutinta aliweka ungo chini. Mimi ndiye niliyewaambia waandike pale juu, aliwaza.

"Inuka. Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Kesho tutakwenda kwa afisa, mimi na wewe na mama yako. Utasema hivyo hivyo."

"Watanifutia mtihani?"

"Sijui, mwanangu. Nitakaa karibu nawe."

Afisa aliwasikiliza, kisha akaziweka karatasi mbili, ya Mutinta na ya taifa, sambamba mezani. Umbo lilikuwa moja, mada karibu zote zilifanana, lakini hakukuwa na swali hata moja lenye tarakimu sawa. Alimwandikia Mutinta barua ya kumsafisha. Luyando alikaripiwa mpaka akatoa machozi, ila mtihani wake haukuguswa.

"Wilaya nzima wanaitaka karatasi yako mwakani," alisema afisa. "Na hilo daftari."

"Wapewe. Lakini jina la shule liandikwe kila ukurasa, juu na chini."

Akatoka nje. Luyando na mama yake walikuwa wametangulia, wakizozana kwa sauti ya chini. Mutinta aliikunja barua akaitia kwenye mkoba. Alipita sokoni akanunua nyanya. Muuzaji alimuuliza habari za mume wake nyumbani; inaonekana hakusikia habari za msiba. Mutinta alifungua kinywa kusema *mzima*, kama alivyozoea, akashindwa. Ndipo akaketi juu ya kreti tupu katikati ya soko, na yule mama wa nyanya akazunguka meza yake mbio akamshika bega.