Ottilia wa Kwenye Pasipoti

Bibi Zuhura wa Mbamba Bay alikuwa na kila kitu: pasipoti mpya, kadi ya njano ya chanjo, sindano ya homa ya uti wa mgongo, na cheti cha daktari kwamba moyo na figo zake zinaimudu safari. Kilichomkwamisha ni jina. Siku ya kuandikishwa kitambulisho cha taifa walimtaka cheti cha kuzaliwa. Akawapa cha ubatizo, maana ndiyo karatasi pekee aliyotoka nayo kwao Matiri. Basi na pasipoti ikamwita Ottilia.

"Mama, Wasaudi wakiona Ottilia kwenye maombi ya viza ya Hija watauliza," alisema Mbaraka, wakala wa taasisi ya Hija pale Mbinga mjini. "Lete cheti cha kusilimu. Nchi inapewa idadi yake ya mahujaji, inagawiwa taasisi zilizosajiliwa, na sisi tumepata nafasi chache. Ijumaa tunafunga. Ukichelewa, anaingia mwingine."

"Na yule wa Songea anayeuza viza ya matembezi?" nikauliza. Mimi ni msafiri tu niliyemsindikiza Bibi Zuhura. Kila nikichoka kuzunguka, nyumbani kwake ndiko ninakofikia.

"Hiyo haihijishi mtu, mzee. Atarudishwa kabla hajaiona Makka."

Sheikh wa wilaya hakuwa mgumu. "Tamka shahada hapa, mama, nikuandikie leo."

"Leo?" Bibi Zuhura akasimama. "Nimefunga Ramadhani zote tangu Hashimu anioe, nimemzika, nimelea watoto kwenye dini, halafu niandikwe nimesilimu Jumatano hii?"

"Basi nipe aliyekuwepo siku hiyo."

"Wako makaburini."

Tukatoka. Barazani akavaa kiatu kimoja, akasita. "Yupo mmoja. Lakini yeye alikuja kunipiga."

Huyo ni Ignatio, kaka yake, mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa Matiri. Nikampigia simu. Kesho yake akashuka kwa bodaboda, rozari shingoni.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Kumbe miaka yote hii hujaandikwa?"

Mbele ya sheikh hakuzunguka. "Nilikwenda na fimbo nimrudishe nyumbani. Sheikh wa wakati ule akaniambia, keti umsikilize kwanza, kisha umpige. Nikaketi. Akatamka Kiarabu chote bila kukwama, huyu aliyeshindwa Salamu Maria mpaka siku ya kipaimara!"

"Mwongo! Nilikwama mara moja tu."

"Mwaka gani, mzee?" sheikh akauliza.

"Vita vya Amini vilipoanza. Nikasema, kumbe dunia nzima imeingia wazimu."

Akala kiapo kwa wakili, Biblia mkononi. Sheikh akaandika cheti kwa mwaka ule ule, akagonga muhuri, na Alhamisi hiyo hiyo Mbaraka akaingiza jina.

Njiani kuelekea stendi Ignatio akaitazama fimbo anayotembelea dada yake.

"Hiyo si yangu?"

"Uliisahau mlangoni kwa sheikh siku ile," akasema Bibi Zuhura. "Naenda nayo Makka."