Herufi Kumi Hadi Kumi na Mbili

Daftari lilifika mezani kwa mnakili likiwa limefungwa kwa kitambaa cheupe, kama mgonjwa aliyetoka kupasuliwa. Lilikuwa daftari la vifo la hospitali ya zamani ya magonjwa ya kuambukiza. Maji ya mvua yalikuwa yamelilowesha miaka mingi nyuma, ukungu ukamalizia yaliyosazwa na maji. Sasa hifadhi ya nyaraka ilitaka linakiliwe upya, ukurasa kwa ukurasa, kabla halijageuka unga.

Mnakili alilijua daftari lile. Miaka kumi na tisa nyuma, akiwa mgeni kazini, ndiye aliyelinakili mara ya kwanza.

Siku hizo hakukuwa na utaratibu wa maana. Ulisoma ulichoweza, ukaandika. Sasa kulikuwa na utaratibu. Watu wawili walisoma ukurasa mmoja bila kuonyeshana. Neno walilokubaliana liliingia. Neno la mashaka liliwekewa alama ya kuuliza. Palipopotea kabisa paliwekwa mabano mraba, na ndani yake makadirio ya herufi ngapi zimepotea. Makadirio hayo hayakutoka kichwani: ulipima pengo kwa rula, kisha ukaligawa kwa upana wa herufi za karani yuleyule, uliopatikana kwenye mistari mizima ya kurasa za jirani. Na ukurasa ambao chini ya robo yake ndiyo inasomeka haukunakiliwa. Ulielezwa tu: una mistari mingapi, umeharibiwa na nini.

Msomaji wa pili alikuwa mwanamume mtaratibu ambaye ofisi nzima ilimwita Polepole. Alipomaliza ukurasa wa sitini na moja aliweka kalamu chini.

"Huu umekwenda na maji, dada," alisema. "Mistari ishirini na nne, mimi nimeambulia mitatu, nayo vipandevipande."

"Upi na upi?"

"Wa pili, wa tisa, wa ishirini. Wa tisa ndio una nafuu. Jina limeliwa, imebaki *a* ya mwisho. Umri saba. Kaburi mia moja na kumi na nane."

Mnakili alifungua kabati, akatoa nakala yake ya zamani. Mstari wa tisa pale ulikuwa na jina kamili, la mtoto na la baba yake, bila mabano wala alama yoyote.

Alikumbuka vizuri lilivyofika pale. Fundi viatu mmoja, mtu mzima tayari, alikuwa amesimama kaunta akimtafuta dada yake pacha. Walilazwa pamoja wakiwa na miaka saba. Yeye akatoka, dada hakutoka, na hakuna aliyewaambia wazazi amezikwa wapi. Tarehe ililingana na ukurasa ule. Umri ulilingana. Jina la baba yao lilikwisha kwa *a*. Fundi alikuwa akilia bila sauti, akijifuta kwa mkono wa shati. Basi yule mnakili mgeni akaandika jina, akampa nambari ya kaburi, na usiku ule akalala akiamini ametenda wema.

Sasa alichukua rula. Akawasha taa ya pembeni, mwanga upite chini chini juu ya karatasi na kuonyesha mikwaruzo ya kalamu. Pengo lilianza kwenye ukingo wa safu na kuishia kwenye ile *a*. Baada yake karatasi ilikuwa safi, hivyo jina liliishia pale. Milimita thelathini na nne. Akapima mistari kumi mizima ya kurasa za sitini na sitini na mbili. Karani wa hospitali alikuwa na mkono uliotulia: milimita tatu kwa herufi, akibana sana haishuki chini ya mbili nukta nane. Na hakuwahi kufupisha jina la mtu.

Herufi kumi na moja, basi. Kumi hadi kumi na mbili. Jina la dada yake fundi lilihitaji kumi na tano kabla ya *a*.

Alipima tena. Akatoka kwenda kunawa uso, akarudi, akapima mara ya tatu.

"Wewe umekadiria ngapi?" alimuuliza Polepole.

"Kumi mpaka kumi na mbili. Kwani vipi?"

Mkuu wa hifadhi alipoelezwa, alivua miwani akaisugua kwa tai. Alikuwa mwanamke aliyebakiza miezi michache astaafu, na hakupenda makuu.

"Ukurasa haufiki robo," alisema. "Ueleze tu kwamba haunakiliki, uendelee na kazi. Utaratibu unaruhusu. Yule mzee ana kaburi lake, mwache nalo."

"Au niandike kumi hadi kumi na sita," mnakili alisema, nusu kwa utani. "Pengo pana, kila mtu apate nafasi."

Mkuu hakucheka. "Ungeweza kuliandika hilo?"

"Nililiandika baya zaidi."

Mwishowe mkuu alisema mistari mitatu waliyokubaliana wasomaji wawili inaweza kuingia, na ishirini na moja itajwe kuwa imepotea. "Lakini kumwambia utakwenda mwenyewe."

Banda la fundi lilikuwa kati ya duka la vyombo na kinyozi. Alikuwa amezeeka, lakini sindano bado ilimtii. Alimpisha kwenye kigoda.

"Karibu, mwanangu. Viatu vimekuchokea?"

"Hapana, baba. Nimekuja na neno zito."

Alimweleza yote, taratibu, mpaka rula. Fundi alisikiliza huku akivuta uzi kwenye soli, mshono baada ya mshono, hadi uzi ukaisha. Alielewa upesi kuliko mnakili alivyotarajia. Maisha yake yote alikuwa akipima mguu kabla ya kukata ngozi.

"Yaani haliingii."

"Haliingii, baba. Nilikosea mimi. Niliandika nilichotaka uwe nacho."

"Nimempalilia miaka kumi na tisa," fundi alisema. "Nimemwekea kibao. Mke wangu nilimpeleka pale kumtambulisha kabla hajafariki." Aliweka kiatu chini. "Na yule aliye pale ni nani?"

"Mtoto wa miaka saba. Jina la herufi kumi hadi kumi na mbili, kisha *a*. Zaidi ya hapo hatujui."

"Wangu je?"

"Huenda yumo kwenye mistari iliyofutika kabisa. Hiyo hatuwezi kuikadiria herufi. Tunahesabu mistari tu."

"Kwa hiyo kwenu yeye ni mstari."

"Ni mmoja katika ishirini na mmoja. Na huenda hata hayumo."

Hakumkaripia, na hilo ndilo lililomuumiza mnakili zaidi. Alimwomba jambo moja tu: Jumamosi aende naye makaburini.

Walikwenda asubuhi. Kaburi lilikuwa safi kuliko yote ya safu ile. Fundi alipiga magoti, akatoa bisibisi, akalegeza skrubu nne za kibao. Mbili zilikuwa na kutu, mnakili akashika kibao kisije kikavunjika. Kilipotoka, jiwe chini yake lilikuwa jeupe, halijaguswa na jua.

"Wenyewe wakija wasikute jina la mtu mwingine," fundi alisema.

Akakifunga kibao kwenye gazeti, akakikumbatia, akatembea mbele hadi getini bila kugeuka.

Jumatatu mnakili aliandika maelezo chini ya ukurasa wa sitini na moja: kwamba nakala ya awali ilijaza jina bila ushahidi, na aliyelijaza ni yeye. Akatia sahihi. Polepole akasoma, akatia yake. Kisha wakafungua ukurasa wa sitini na mbili, ambao ulikuwa mzima, na mnakili akamwomba mwenzake aanze kuusoma peke yake kwanza, kwa sababu yeye hakuwa akiona vizuri.