Adiós ya Kituoni

Mashuka ya wodi ya wanaume yalikuwa bado yanazunguka kwenye mashine dada mfuaji alipovua aproni. Msimamizi wa dobi la hospitali alikuwa amempa saa moja tu. Aliivuka barabara mbio, mikono ikinuka dawa ya madoa, hadi ofisi ya wakala anayepeleka watu ng'ambo kutunza wazee.

Matokeo ya mtihani wa Kihispania yalikuwa yamebandikwa mlangoni. Alama za kupita ni sitini. Yeye alikuwa na hamsini na nane.

"Dada, umekosa kupita kwa alama mbili tu," karani alimwambia, akimtolea karatasi yake. "Tatizo ni hadithi."

Swali lilitaka hadithi fupi, kwa maneno rahisi, kuhusu salamu isiyoeleweka kwenye kituo cha basi. Yeye aliandika hivi:

*Una mujer espera el autobús. Un vecino pasa y dice: «Adiós». La mujer piensa: «¿Por qué adiós? Yo no me voy». Está triste. Otra señora explica: «Él pasa y no se para. Por eso dice adiós. Es un saludo».*

Yaani mwanamke anangoja basi, jirani anapita na kumwambia kwaheri. Mwanamke anajiuliza, kwaheri ya nini, mbona mimi siendi popote? Anahuzunika. Mama mwingine anamweleza: yeye anapita wala hasimami, ndiyo maana anasema kwaheri. Ni salamu.

Neno *adiós* lilikuwa limezungushiwa wino mwekundu.

"Salamu ni *hola*, *buenos días*, *buenas tardes*, *buenas noches*," karani alisoma kwenye mwongozo wa kusahihishia. "*Adiós* iko huku chini, kwenye kuagana. Umekatwa mbili."

"Lakini kaka, wenyewe wanasalimiana hivyo wakipishana njiani. Ukisema *hola*, mtu anaweza kudhani unataka kusimama mzungumze. Ukiwa unapita tu, *adiós* inatosha."

"Nani kakwambia?"

Aliyemwambia alikuwa mzee mmoja, mpishi wa meli mstaafu, aliyelazwa kitanda cha karibu na mlango wa wodi. Miaka kumi na tisa aliishi kwenye bandari za Wahispania. Kila asubuhi, yeye akipita na toroli la mashuka, mzee alimwambia, "*Adiós, hija*," yaani kwaheri, binti. Alipojua maana ya neno lile alinuna wiki nzima, akidhani mzee anamfukuza, au anaaga dunia. Siku alipomuuliza, mzee alicheka mpaka kikohozi kikamshika. "Mwanangu, unapita mbio na toroli lako, nikuambie nini kingine?" Ndipo akaanza kumfundisha, maneno matano kila siku, mpaka asubuhi moja ya mwezi wa tatu, alipolikuta godoro la mzee limekunjwa na kitanda kitupu.

"Mtu aliyeishi huko," alijibu.

Karani aliufunga mlango. "Nikwambie ukweli, dada. Hata mimi nimekaa huko miaka miwili. Wanasema hivyo kweli."

"Basi nirudishie alama zangu."

"Mwongozo umetoka juu. Nikisahihisha kinyume chake, mimi ndiye nitakayeulizwa." Alitazama saa ya ukutani. "Orodha ya safari inafungwa saa sita. Mtihani mwingine ni mwakani. Chukua kalamu, badilisha hilo neno tu, mimi nitasahihisha upya. Sijaona kitu."

Alishika kalamu. Mwakani angekuwa amepita umri unaotakiwa. Mdogo wake na mama yao walikuwa wakilala chumba kimoja na yeye, na mvua ikinyesha walisogeza kitanda.

Alikata *adiós* ya kwanza, akaandika *hola*. Akakata ya pili. Ya tatu ilimchukua muda, kalamu ikikwama kwenye karatasi kama haina wino.

Karani alisoma haraka, akaweka vema, akaandika sitini, akapiga muhuri. "Unaona? Sasa imekaa sawa."

Nje, mdogo wake alikuwa akimngoja ukutani.

"Umepita?"

"Nimepita."

Mdogo wake alimkumbatia, kisha akampokonya karatasi. "Hebu nisomee, nisikie Kihispania chako."

Alimsomea polepole, mstari kwa mstari, na kumweleza. Mwanamke anangoja basi. Jirani anapita, anamwambia hujambo. Mwanamke anajiuliza, hujambo ya nini, mbona mimi siendi popote? Anahuzunika.

Mdogo wake alikunja uso. "Sasa huyo mama kahuzunika nini, na kasalimiwa vizuri tu?"

Aliikunja karatasi yenye muhuri, akaitia mfukoni. Saa yake moja ilikuwa imekwisha.

"Hata mimi sijui," alisema, akaivuka barabara kurudi kwenye mashuka.