Kasoro Niliyoitaja Mimi Kwanza

Nilitaka Mutegi aumie. Nasema mapema ili mtu asije akanidhania mtakatifu.

Alikuwa msimamizi wa kituo chetu cha kupokea maziwa, huku mlimani juu ya mji wa Meru, nami nilikuwa mpimaji. Mwaka uliopita, asubuhi moja, nilirudisha maziwa ya mama mmoja aitwaye Karwirwa. Laktomita, kile kipimo kinachoelea kuonyesha uzito wa maziwa, ilisoma ishirini na tano, chini ya kiwango, nikatangaza mbele ya foleni nzima kwamba ametia maji. Hakuwa ametia hata tone. Maziwa yalikuwa yametoka kukamuliwa, yana joto la nyuzi thelathini na mbili, na maziwa yenye joto husoma chini mpaka uongeze hesabu ya joto kwenye kipimo. Mimi sikujua. Mutegi alijua, na kipimajoto kilikuwa ndani ya droo yake.

Hakunifundisha. Alingoja mama alalamike, kisha akasimama juu ya kreti akawaambia wakulima, "Huyu msichana hajui kupima, tunamvumilia tu." Walicheka, na Mutegi akacheka kuliko wote.

Sasa ushirika ukatangaza nafasi ya afisa wa ubora. Atakayeipata angekuwa mkubwa wa vituo vyote, chetu kikiwemo. Tangazo lilitaka barua ieleze udhaifu mmoja wa mwombaji na alichofanya kuurekebisha. Mutegi aliomba. Nami nikaomba. Na Mama Karwirwa alikuwa amechaguliwa kwenye kamati ya kuajiri, jambo lililomfanya Mutegi atembee akipiga mluzi, akiamini mama huyo hawezi kunichagua mimi.

Nilimpelekea Rahema barua, yule anayepiga chapa pale Makutano. Nilikuwa nimeandika kwamba udhaifu wangu ni kupenda kazi kupita kiasi.

"Hii nimepiga chapa mara tano tangu Jumatatu," akasema. "Andika ukweli, dadangu."

Nikamwandikia kurasa mbili za uovu wa Mutegi. Akazisoma zote, akanirudishia.

"Wamekuuliza kasoro yako, wewe unawapa ya mwenzako. Ile ya laktomita umefanya nini juu yake?"

Nikamweleza. Nilinunua kipimajoto changu. Nilisoma wiki tatu kwenye chuo cha wakulima. Nilipima sampuli sitini, mtu wa maabara akizikagua, na nikabandika jedwali la joto ukutani.

"Na yule mama?"

Kwake sikuwa nimeenda.

Kesho yake nilimwomba radhi kituoni, mbele ya foleni, kwa sauti ile ile niliyomtukania. Uso uliniwaka. Mama Karwirwa alifunika mkebe wake akasema, "Nimesikia," basi. Jioni Rahema akapiga chapa:

"Nilikuwa nikisoma laktomita bila kupima joto, na kwa hiyo nilimsingizia mkulima. Sasa napima joto kwanza, na kila nyuzi moja juu ya ishirini naongeza sehemu mbili za kumi. Maziwa yale yalikuwa ishirini na saba na nukta nne, mazuri kabisa. Nimemwomba radhi hadharani, nikiwa nimechelewa mwaka mzima."

Jina la Mutegi halikuwemo. Kulifuta kuliniuma kuliko kuomba radhi.

Siku ya mtihani wa vitendo tuliitwa wote wawili mbele ya kamati. Mutegi hakungoja hata mkebe ufunguliwe.

"Kabla hatujaanza, kamati ijue huyu alimwita mama huyu mwizi."

"Tumesoma," Mama Karwirwa akasema. "Ameandika mwenyewe." Akachukua barua ya pili. "Wewe umeandika udhaifu wako ni kutopumzika mpaka kazi iwe sawa. Siku ile maziwa yangu yaliporudishwa, kipimajoto kilikuwa wapi?"

"Kwa droo, Mama."

"Droo ya nani?"

Mutegi alitazama viatu vyake. "Yangu."

"Na ulijua?"

Mimi nilimtazama vizuri, bila haraka, kama mtu anayekula nyama aliyoingojea tangu asubuhi. Ilikuwa tamu. Sitadanganya.

Kazi nikapewa. Juma la kwanza nikamwita Mutegi ofisini, nikamkalisha, nikampa karatasi na kalamu.

"Andika kasoro yako moja ya kweli, na hatua ulizochukua. Ukimaliza, urudi kituoni kwako."

Nilimwacha dakika arobaini. Nilipoingia alikuwa ameondoka, na karatasi ilikuwa mezani, nyeupe tupu. Nimeibandika ukutani mwa ofisi, kando ya jedwali la joto nililohama nalo, na kila akija kuleta ripoti anakaa akiitazama.