Utepe Mwekundu kwa Barua ya Mkwe

Katika masjala ya chama cha ushirika cha wakulima wa pamba pale Tororo, barua hazikuwa na haki sawa. Nyingi ziliweza kusubiri: za kuomba mbegu, za kuuliza siku ya mkutano, za kulalamikia magunia yaliyotoboka. Lakini ziko ambazo hazikuruhusiwa kulala. Barua yoyote iliyotaja mkataba, ugomvi, wakili au mahakama ilipigwa mhuri wa tarehe ya kupokelewa, ikabanwa pamoja na bahasha yake, ikafungwa utepe mwekundu kwenye kona, ikaandikwa katika rejista, kisha ikapelekwa mkononi mwa meneja siku ileile. Meneja naye alitia sahihi kuonyesha kwamba ameiona.

Utaratibu huo ulizaliwa na aibu. Msimu uliotangulia, barua ya wakili mmoja ilikaa kwenye trei huku meneja akizunguka vijijini. Muda wa notisi ulikwisha bila mtu kujibu, na wakulima waliokuja kuuza pamba wakashuhudia lori la chama likichukuliwa na dalali wa mahakama, dereva akifuata nyuma kwa miguu na soli za viatu vyake zikipiga lami. Watu walicheka, lakini si kwa furaha.

Alupo ndiye aliyekuwa akifungua barua za ofisi. Alikuwa msichana wa kijiji cha Kwapa, aliyetoka shule ya sekondari akiamini kwamba nchi iliyopata uhuru juzi ingejengwa hata na watu wanaokaa mezani, mradi wafanye kazi yao kwa moyo. Aliisoma kila barua mpaka mwisho, hata zile za penseli zilizofifia. Mkubwa wake, Mzee Ojangole, alimtania kwamba siku moja atasoma na stempu.

Alhamisi moja ilikuja barua kutoka Busia, imeandikwa kwa Kiswahili, kwa mkono wa taratibu. Iliandikwa kwa "Mkwe wangu, Bwana Okware", naye Okware ndiye meneja wa chama. Ilianza kwa salamu. Ilimuuliza hali ya mama yake, ikamshukuru kwa ng'ombe aliyemleta siku ya mazishi ya marehemu Oundo, mume wa mwandishi, ikaeleza kuhusu mvua, ikasifu mtama. Ukurasa wa kwanza ulikwisha hivyo. Alupo akageuza.

"Marehemu aliwapa kiwanja cha ghala kwa maneno yaliyoandikwa," mwandishi aliendelea, "na maneno hayo yanakwisha mwisho wa mwezi huu. Shemeji yangu Maloba amepata mnunuzi mwingine wa pamba, na karatasi ya wakili iko tayari. Wanataka niweke sahihi Jumamosi. Mimi sitaki kugombana na mtu. Lakini nikikaa bila kusikia neno kwenu, nitaweka. Msalimie Maggie na watoto. Kuku wanataga vizuri. Ni mimi, Benedeta."

Alupo aliisoma tena, polepole. Chama hakikuwa na ghala lingine upande wa Busia. Pamba yote ya vijiji vya Masaba iliuzwa pale, na wanawake waliifikisha kwa vichwa vyao. Ghala likienda, wangeibeba mpaka wapi? Akapiga mhuri, akabana bahasha, akakata utepe. Akaandika katika rejista.

Mzee Ojangole alipouona utepe, alivua miwani. Akauliza barua inatoka kwa nani, na alipoambiwa, akaufungua ule utepe kwa vidole vya upole, kama anayemvua mtoto shati.

Alupo alimweleza yaliyomo. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba hayo ni mambo ya nyumbani. Maggie, mke wa meneja, alikuwa binti wa Benedeta. Mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawatajani hovyo. Leo ofisi imfungie mama huyo utepe mwekundu, kana kwamba anamshtaki mkwewe? Angeichukua barua mwenyewe ampe Maggie kanisani Jumapili, naye angejua saa ya kumwambia mumewe.

"Jumapili Bwana Meneja atakuwa Kampala," Alupo alisema. "Anaondoka kesho alfajiri. Na mama anaweka sahihi Jumamosi."

"Salamu hazichachi, binti yangu."

"Mzee, maneno haya haya yangetoka kwa mfanyabiashara wa Kisumu, ungeyafanyaje?"

Ojangole alitazama dirishani. Nje wapagazi walikuwa wakibishana kuhusu mzani. "Ningeyafunga utepe," alisema.

Mzee alikaa, akausokota utepe kwenye kidole chake, kisha akaurudisha penye kona ya barua na kuukaza. Akamsogezea na rejista.

"Lakini uipeleke wewe. Mimi ndiye niliyesimama katikati siku ya kupeleka mahari. Nilimhesabia mama yule ng'ombe. Leo nimpelekee mkwewe vita? Miguu yangu itakataa."

Okware alikuwa akipanga makaratasi ya Kampala. Alikuwa mtu mnene, mtulivu, mwenye desturi ya kusoma akiwa amesimama. Aliona utepe, akakunja uso. Aliona mwandiko, uso ukakunjuka. Alisoma ukurasa wa kwanza akitabasamu. Alipogeuza, tabasamu lilibaki mdomoni kwa muda, kama kitu kilichosahauliwa pale. Kisha akaikunja barua na kuitia katika mfuko wa koti.

"Asante. Nitazungumza na Maggie."

Alupo alikuwa bado amesimama, rejista imefunguka mikononi. Alijua kwamba akitoka sasa, hakuna atakayemlaumu, na pia ghala litakwenda.

"Bwana Meneja, bado sahihi."

"Hii ni barua ya mama mkwe wangu, Alupo."

"Ndiyo, Bwana. Jina lako liko juu. Lakini kiwanja si chako wewe. Ni cha ghala la chama." Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko alivyotaka. "Ukitia sahihi, umeipokea kama meneja. Usipotia, imepokelewa na mkwe, na mkwe hawezi kwenda kumwuliza mama mkwe wake kitu."

Okware akaitoa barua mfukoni, akainyoosha juu ya meza kwa kiganja, akaisoma upya ukurasa wa pili, safari hii ameketi. Alichukua kalamu, akatia sahihi katika rejista na kuandika saa. Akaomba faili la mkataba wa ghala. Lilipoletwa wakakuta kwamba ni kweli: muda ulikuwa unakwisha, na katika kifungu cha mwisho hapakuwa na haki ya kuendelea bila makubaliano mapya. Alimpigia simu mwenyekiti wa chama, kisha wakili wa chama, naye wakili akamwonya asiahidi kitu kwa maandishi kabla kamati haijakaa. Akiri tu kwamba barua imefika, na aombe nafasi ya kuzungumza.

"Twende Busia," alimwambia Alupo akivaa kofia. "Utakuwa mdomo wangu."

Walifika jua likiwa bado juu. Nyumba ya Benedeta ilikuwa ya matofali, mlango wake ukitazama uwanja, na Okware hakuukaribia. Aliwekewa kigoda nyuma ya kona, akaketi mgongo ukielekea ukutani. Benedeta alikaa ndani, karibu na dirisha lililofungwa nusu. Alupo alisimama kwenye kona, mahali ambapo wote wawili waliweza kumsikia bila kuonana.

Kwanza zilipita salamu, kutoka kwa Okware kwenda kwa Alupo, kutoka kwa Alupo kwenda ndani, na njia ileile kurudi. Hali ya watoto ilisafiri hivyo, na hali ya kuku. Kisha Okware akauliza kwa nini mama hakusema mapema.

"Mwambie nilimtuma Maggie mara mbili," sauti ya ndani ilisema.

Alupo akageuka kurudia, akamwona Okware amekwisha kuinamisha kichwa. Maggie alikuwa ameyasema, tena mezani, wakati wa chakula. Naye aliyachukua kama habari za ukweni, za kuitikia na kupita. Hata hivyo aliendelea kutazama mbele, akingoja, na Alupo akarudia neno kwa neno, kwa sababu mpaka arudie ilikuwa haijasemwa.

"Mwambie mama kosa ni la ofisi," Okware alisema. "Maneno ya kiwanja yaliletwa kwa mdomo, na hatukuyapokea kama yanavyopokewa ya barua. Uliza anataka nini."

Benedeta hakukawia. Hati ya kiwanja ilikuwa na jina lake tangu Oundo alipougua. Ndiyo maana Maloba alihitaji sahihi yake na si ya mtu mwingine. Lakini katika karatasi ya huyo mnunuzi ameandikwa Maloba kama mwenye kupokea kodi, na yeye ameandikwa chini, kama shahidi wa mali yake mwenyewe. Hakutaka kugombana na ukoo wa mumewe. Alitaka tu mtu mmoja aandike karatasi ambayo yeye ndiye mwenye kiwanja ndani yake.

Alupo alirudia yote.

Okware alisema kwamba hana mamlaka ya kuahidi peke yake. Kamati ingekaa kesho. Safari ya Kampala angeiahirisha. Jumamosi asubuhi mwenyekiti na wakili wangefika hapa na karatasi ya chama, iliyoandikwa jina la Benedeta kama mwenye kiwanja, kama kamati itakubali. Na yeye angeiomba ikubali. Ombi lake kwa mama lilikuwa moja: asitie sahihi karatasi ya mtu yeyote mpaka aisome hiyo.

Alikuwa amesema kwa kirefu, na Alupo alianza kukusanya maneno ili ayapange. Kabla hajafungua mdomo, sauti ya ndani ilijibu:

"Nitasubiri."

Okware alikohoa. Alupo hakujua aanzie wapi, maana swali halikuwa limefika na jibu lilikwisha kutoka. Ndani, nyuma ya dirisha lililofungwa nusu, mtu alianza kucheka, kicheko cha chini cha mtu mzima aliyenaswa. Na mabega ya Okware, pale kwenye kigoda, yakaanza kutikisika.

"Basi mwambie hivyo," Benedeta alisema alipopata pumzi.

"Mama anasema atasubiri, Bwana Meneja."

"Nimesikia kutoka kwako," alijibu Okware, na kutoa karatasi ili aandike kwamba barua imepokelewa leo.

Kamati haikukubali kwa urahisi. Mjumbe mmoja aliona vibaya kumkwepa Maloba. Lakini jina lililokuwa kwenye hati lilionekana wazi, kamati ikakubali, na Jumamosi wazee wawili wa ukoo waliitwa wakae wasikie, ili pasiwe na mtu wa kusema jambo lilifanywa kwa siri. Maloba alikuja, akakaa pembeni, akaondoka kabla ya chai. Benedeta alisoma karatasi yote, herufi kwa herufi, watu wakimngoja, kisha akatia sahihi kwenye mstari wa mwenye kiwanja.

Msimu wa ununuzi wa pamba ulipofunguliwa, Alupo alipelekwa Busia kusaidia kuandika stakabadhi. Asubuhi ya kwanza aliwaona wanawake wa Masaba wakija kwa mstari, mafurushi meupe vichwani, wakizungumza kwa sauti tangu mbali. Wa mbele alifika mlangoni pa ghala, akatua mzigo, akanyoosha shingo, akauliza kama kuna maji ya kunywa.